Barua yangu ya kuomba kazi kwa Kifaransa: uzoefu wangu na mhariri wa mtandaoni

Niliandika mwenyewe barua ya kuomba kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya Ufaransa, kisha nikalipia mhariri wa mtandaoni aipitie. Nimeridhika naye kwa sababu moja kubwa: anaujua uhasibu, si sarufi peke yake.

Nilianza kwa kusema "je suis expert-comptable", nikiamini ndivyo anavyoitwa mhasibu mwenye cheti cha taaluma. Akanieleza pembeni kwamba Ufaransa cheo hicho kinalindwa na sheria, na hujiiti hivyo mpaka uwe umesajiliwa na baraza la wahasibu la huko. Nilishtuka. Ningekuwa nimejipa cheo nisichonacho kwenye mstari wa kwanza kabisa. Tukaweka "comptable", na cheti changu tukakiacha na jina lake la asili pamoja na maelezo mafupi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi maana halionekani. Nilitaka kusema naandaa mizania, nikaandika "je prépare la balance". Kumbe kwa Kifaransa "balance" ni urari. Mizania ni "bilan". Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, ila mhasibu mkuu angeisoma akaelewa kwamba kazi yangu huishia kwenye urari na hesabu za mwisho hufungwa na mwingine. Usuluhishi wa benki nao, niliouita "réconciliation", ukawa "rapprochement bancaire", jina wanalolitumia wenyewe kazini.

Mwishoni nilikuwa nimeweka "cordialement" tu, kama kwenye barua pepe. Akaandika ile salamu ndefu ya heshima inayoanza na "Je vous prie d'agréer", akarudia ndani yake "Madame, Monsieur" vilevile kama mwanzoni mwa barua. Kumbe lazima zifanane.

Lalamiko langu ni moja. Aliipandisha lugha mno. Nilikuwa nimeandika kwa ufupi kwamba nafunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 5. Ikarudi sentensi ya mistari minne kuhusu umakini na kujituma, na ile tarehe 5 haimo! Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu halisi, kitu ambacho mwajiri angeweza kukiuliza na kukihakiki. Isitoshe, kwenye wasifu nimesema Kifaransa changu ni B1, yaani cha kiwango cha kati. Anayesoma barua ile kisha akanipigia simu angedhani ameandikiwa na mtu mwingine, na angekuwa sahihi.

Nilimwandikia, akairudisha kesho yake ikiwa na sentensi fupi na tarehe yangu. Marekebisho ya bure ni mara moja tu, kwa hiyo safari hiyo nilimwambatishia tangazo la kazi na wasifu wangu, vitu ambavyo fomu yao haiviombi. Ningevituma tangu mwanzo, angejua kiwango changu kabla hajagusa neno.