Word na Excel: kulipa mara moja au kila mwaka?

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari Tukuyu. Januari 2026 alinunua kompyuta mpakato ya mtumba hapa Mwanjelwa, ikawa imebaki Word na Excel za mitihani na alama. Tulipiga hesabu kwa bei za Marekani; wewe zidisha kwa kiwango cha dola cha benki yako.

Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja, ya kwanza ni Office Home 2024. Unalipa takriban dola 150, mara moja. Lakini "ya kudumu" isikudanganye: Microsoft itaacha kuitolea viraka vya usalama Oktoba 2029. Baada ya hapo inafunguka, ila matundu hayazibwi tena. Kwa hiyo dada alikuwa ananunua miaka 3 na miezi 9, sawa na dola 40 kwa mwaka. Anayechelewa kuinunua analipa bei ileile kwa muda mfupi zaidi.

Ya pili ni Microsoft 365 Family, dola 130 kwa mwaka, kwa watu hadi 6 wa nyumba moja. Kwa miaka 4 ni dola 520. Nyumba ya watu watatu kila mmoja anabeba 173, hasara. Wakifika wanne inashuka hadi 130, chini ya ile ya mara moja, na kila mtu ana hifadhi yake ya TB 1. Tabu ni uchangishaji: ni kama kijumbe, mmoja akikwama anayelipa kwa kadi ndiye anayeumia.

Microsoft 365 Personal naiweka mwisho. Dola 100 kwa mwaka, miaka 4 ni 400, karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Isitoshe bei hupanda ukiwa njiani: hii ilikuwa 70 hadi Januari 2025. Usipolipa, faili zako unazisoma na kuzichapa, lakini huwezi kuzihariri. Tena inataka intaneti mara kwa mara ili ijihakikishe, jambo la kufikiria kama uko Makete na bando limekata.

LibreOffice, programu nyingine ya kazi hizohizo, haina bei, na kwa barua na alama inatosha kabisa. Dada aliikataa kwa sababu majedwali ya mitihani anayotumiwa na wenzake yalikuwa yanahama mistari. Jaribu na faili zako tatu ngumu kabla ya kutoa hela.

Funguo za kuwashia Office zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku sizipangi kabisa. Nyingi ni za mashirika, moja imegawiwa mashine kadhaa, na siku ikifungiwa utaona "Unlicensed Product" juu ya Word. Muuzaji akikuwekea, fungua File, kisha Account: ya mara moja huandika "Product Activated", ya kila mwaka "Subscription Product". Hata hivyo, "Product Activated" pekee haitoshi, maana funguo ya shirika nayo huiandika hadi ifungiwe. Soma jina la toleo hapohapo. Ukikuta "LTSC" au "Professional Plus", hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya nyumbani.

Dada alichukua Home 2024. Mumewe na watoto bado hawana kompyuta.