TAHADHARI: Breketi za televisheni zenye stika ya "kilo 50" zinazouzwa Kampala mjini

Ndugu zangu, hasa mliokwisha kununua televisheni kubwa na mnatafuta mtu wa kuitundika, someni hili kabla hamjatoa hela.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kutafuta breketi ya tivii yangu ya inchi 55. Muuzaji mmoja mwenye kibanda ndani ya jengo la maduka katikati ya mji akanionyesha aina mbili. Ya kwanza ni ile inayokaa imebana ukutani bila kusogea, shilingi 50,000. Ya pili ni ya mkono, inayovutwa mbele na kugeuzwa kushoto na kulia, shilingi 180,000 pamoja na kazi ya fundi wake. Akaniambia, "Mzee wangu, hiyo ya kubana ni ya tivii ndogo. Kubwa kama yako inataka mkono." Nikamwamini, nikalipa.

Alichosema ni kinyume cha ukweli. Chukua jerikani ya maji ya lita 20. Ukiikumbatia kifuani unatembea nayo, ukinyoosha mkono haimalizi nusu dakika. Ukuta nao ni hivyohivyo. Tivii yangu ina kilo 17. Mkono ukivutwa wote, inakaa sentimita 45 kutoka ukutani, na kati ya skrubu za juu na ukingo wa chini wa bamba la breketi lililokaa ukutani ni sentimita 15 tu. Zidisha 17 kwa 45, gawanya kwa 15, unapata 51. Yaani skrubu za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 51, na hapo uzito wa mkono wenyewe haujaingia. Kwenye breketi isiyosogea tivii hiyohiyo iko sentimita 5 hivi kutoka ukutani, na bamba lake lina kimo cha sentimita 20. Mvuto unashuka hadi kilo 4 na kidogo.

Stika ya boksi ilisema kilo 50. Nilipouliza, jamaa akanionyesha matundu ya nyuma ya tivii yanavyolingana na ya breketi, eti huo ndio ushahidi. Maandishi kama VESA 400 x 400 yanaeleza umbali wa matundu kwa milimita, basi. Hayasemi lolote kuhusu kilo. Baadaye nilibandua ile stika nikakuta chini yake boksi limechapishwa kilo 20.

Fundi wake naye alitoboa huku vumbi likitoka la kijivu. Sikujua maana yake siku ile. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, na drili ikifika kwenye tofali vumbi huwa jekundu. La kijivu ni plasta, au saruji iliyo kati ya tofali na tofali, na hapo skrubu fupi yenye kipande cha plastiki haishiki vizuri. Mkono unataka bolti ndefu za chuma zinazotanuka ndani ya tofali lenyewe.

Usiku wa nne mke wangu aliona unga chini ya tivii. Nikachungulia kwa tochi: bamba limeachana na ukuta upande wa juu, kidole kinakaribia kupita. Mtoto wetu wa miaka mitatu huchezea hapohapo. Tuliishusha watu wawili usiku uleule. Muuzaji alikataa kurudisha hela, akasema tuliivuta vibaya. Sasa hapokei simu.

Na kumbe mkono sikuuhitaji kabisa. Makochi yangu yote yanatazama ule ukuta, mita 2.5 kutoka kwenye tivii, umbali unaofaa kwa inchi 55. Wa kuhitaji mkono ni yule ambaye watu wake wanatazama kutoka pembeni, kwa mfano sebule na meza ya kulia zikiwa chumba kimoja. Shida yangu ilikuwa kimo. Chini kuna kabati, kwa hiyo katikati ya tivii iko sentimita 150 kutoka sakafuni, na macho ya mtu aliyekaa yako kama 100. Tofauti ya sentimita 50 kwa mita 2.5 ni kuinamisha nyuzi 11 hivi, na breketi ya kuinamisha inaziweza. Nayo hukaa karibu na ukuta. Kama katikati ya tivii yako iko usawa wa macho, hata hiyo huihitaji, chukua ya kubana.

Nimeweka ya kuinamisha, shilingi 70,000 kwingine, na safari hii nilisimama karibu na fundi hadi vumbi likawa jekundu kwenye kila tundu.

Jina la kibanda sitaliandika hapa. Mtakachokitambua ni stika nyeupe iliyobandikwa juu ya maandishi ya boksi. Mwambieni aibandue mbele yenu, na linganisheni kilo zilizo chini yake na kilo za tivii yenu. Boksi langu ninalo bado, na stika yake.