Sola ya nyumba ya wikiendi: paneli nyingi au betri kubwa?

Chukua nyumba ya mapumziko Kimbiji, Kigamboni: friji dogo, feni, taa, pampu. Inatumia uniti 3 kwa siku, Jumamosi na Jumapili tu.

Mafundi wengi hupiga hesabu kama ya nyumba inayokaliwa kila siku: paneli za wati 1,000, betri ya uniti 3. Hapo betri inajaa Jumatatu, na jua la siku nne zinazofuata linapotea bure.

Mimi nachagua wati 400 na betri ya lithiamu ya uniti 5. Paneli hizo hutoa kama uniti 1.5 kwa siku, kwa hiyo ukija Ijumaa jioni betri imejaa. Betri ya asidi usiiweke hapa. Kukaa siku nyingi bila kujaa kunaiharibu.

Ila zima inveta unapoondoka. Ikiachwa inakula wati 30 bila kazi, yaani uniti 0.7 kwa siku, karibu nusu ya mavuno yako.

Ukipenda kukaa wiki nzima Desemba, paneli nyingi ndizo zitakazokufaa.