Usahihi au uthabiti: bureti ya nani ni bora?

Jibu halisi la titresheni ni 24.00 cm³ za NaOH. Asha amepata 24.60, 24.65 na 24.60. Juma amepata 23.80, 24.20 na 24.00.

Kwa uthabiti, yaani majibu kukaribiana, Asha anashinda. Ila husubiri kiashiria cha fenoftalini kiwe waridi iliyokolea badala ya waridi hafifu, hivyo huzidisha NaOH kila mara, na kurudia hakumsaidii. Juma husoma jicho likiwa mara juu, mara chini ya mstari. Wastani humrudisha kwenye usahihi, yaani karibu na jibu halisi.

Mtawanyiko wa Juma unaonekana waziwazi. Kosa la Asha hufichuka tu kwa kupima myeyusho ambao jibu lake halisi linajulikana. Ukiwa nao, mchague Asha, kisha utoe 0.62 kwenye wastani wake. Usipokuwa nao, heri Juma, arudie zaidi.