Una paka au mbwa na unataka palmu ya sebuleni? Jina ulilopewa na simu ni nusu tu ya kazi

Wadau, nimeandika hii maana kila nikienda kitalu cha maua hapa Dar naona watu wanafanya kitu kilekile, wanapiga picha mmea, simu inawapa jina, wanasoma neno "palm", wanalipa wanaondoka. Kama huna mnyama ndani sawa. Ila kama una paka au mbwa, hasa mbwa mdogo anayetafuna kila kitu, hilo neno palm linaweza kukuletea msiba, kwa sababu vitalu vyetu vinauza kwa jina moja mimea ambayo mmoja hauna shida kabisa na mwingine unaua ini.

Wa kwanza ni areka, kwenye simu utaona Dypsis lutescens. Wa pili wengi wanauita sago, jina lake Cycas revoluta, na huo wala si palmu, hauna undugu na mnazi, ni ndugu wa mtapo wetu wa pwani, umefanana tu majani kwa mbali. Wote wawili ukiwa mche mdogo kwenye mfuko mweusi utaapa ni kitu kimoja.

Juzi nilikuwa natafuta mmea wa kuweka pembeni ya sofa, nyumbani nina paka wawili na kuna mbwa wa jirani anaingia kama kwake. Muuzaji akanionyesha mche mzuri, akasema "palmu hiyo dada, haisumbui". Nikapiga picha kwa juu kama wote tunavyofanya, app ya Pl@ntNet ikaniletea majina matatu na hakuna lililokuwa na asilimia ya maana. Hapo ndo wengi wanachukua jina la juu na kuondoka nalo. Usifanye hivyo. Ile listi inakwambia picha yako haitoshi, basi. Nikapiga tena mbili, moja shina pale linapotokea kwenye udongo, nyingine jani dogo moja kwa karibu, na jibu likaja moja tu la uhakika: Cycas revoluta.

Na hata bila simu macho yangenitosha kama ningejua pa kuangalia. Areka inatoa vishina vingi vyembamba kutoka chini, vina rangi ya njano njano na vina pingili kama mwanzi, majani yake laini ukiyapitishia mkono. Sago ina kitu kimoja kinene chini kama nanasi lenye magamba, majani magumu yanang'aa, kila jani dogo lina ncha inayochoma kama sindano na kingo zake zimejikunja kuelekea chini. Ukichomwa kidole, rudisha chungu chini.

Sasa ukishapata jina, wapi pa kuuliza kama ni sumu? Mimi naziweka hivi kwa ubora.

Ya kwanza na haina mpinzani ni listi ya ASPCA, lile shirika la Marekani la kutetea wanyama lenye kituo chao cha mambo ya sumu. Ni bure. Unaandika kwenye gugo jina la kisayansi halafu aspca, hivi:

```
Cycas revoluta aspca
```

Ukurasa ukifunguka tafuta palipoandikwa Toxicity, utakuta Toxic to Dogs au Non-Toxic to Cats na kadhalika, kila mnyama peke yake. Soma vyote viwili jamani, usiishie kwa mbwa. Mfano mzuri ni yale maua ya Lilium yanayokuja kwenye shada, mbwa akila mara nyingi ni tumbo tu linamsumbua lakini paka akilamba hata ule unga wa ua uliomdondokea kwenye manyoya figo zinaweza kufa ndani ya siku chache.

Ya pili ni Pet Poison Helpline, nayo ina listi nzuri na inaeleza sumu ni kali kiasi gani, mimi naitumia kuhakikisha. Ya tatu ni blogu za maua, hizo nazisoma kwa ajili ya kumwagilia tu. Ya mwisho kabisa ni muuzaji, si kwamba anadanganya, yeye anajua mmea unataka maji kiasi gani, mambo ya ini la mbwa hajawahi kuulizwa.

Kuna mtego mmoja ambao umenisumbua sana, majina ya kisayansi nayo yanabadilika. Ule mmea wa majani marefu kama panga uliojaa maofisini, simu mpya zitakwambia Dracaena trifasciata, listi nyingi bado zinauandika Sansevieria trifasciata. Ukitafuta jina moja ukakosa unaweza kudhani ni salama, kumbe una sumu kwa paka na mbwa wote, unaleta kutapika na kuharisha. Areka nayo ina jina lingine, Chrysalidocarpus lutescens. Kwa hiyo usipoona kitu, tafuta na jina la zamani, na ukikosa kote hesabu kwamba hujui, usinunue.

Haya, kwa mwenye wanyama mpangilio wangu ni huu. Namba moja areka, inapanda mpaka inajaza kona na haina sumu kwa paka wala mbwa. Namba mbili Chamaedorea elegans, ni ndogo, inavumilia sebule yenye giza, nayo salama, ningeipa namba moja kama ingekuwa rahisi kupatikana. Namba tatu Chlorophytum comosum, ile ya majani membamba yenye mstari mweupe inayoning'iniza vitoto, haina sumu ila paka wanaipenda mno, wanaitafuna halafu wanatapika kwenye zulia, kwa hiyo itundike juu. Ule mmea wa panga nauweka chini kabisa, labda kwenye chumba ambacho mnyama haingii. Sago sinunui kabisa, hata ikiuzwa nusu bei.

Na sago sumu yake iko mmea mzima, majani, mizizi, ila mbegu ndo mbaya zaidi, mbegu moja au mbili zinatosha kumuua mbwa. Kinachodanganya watu ni mwendo wake. Mbwa anatapika siku ileile, baadaye anaonekana kapata nafuu, mwenyewe unasema afadhali, halafu siku ya pili au ya tatu fizi na weupe wa macho vinageuka njano, hapo ini limeshaharibika na wengine hawaponi hata wakitibiwa. Kwa hiyo ukimkuta ametafuna usisubiri dalili. Usimpe chumvi wala mafuta kumtapisha, zoa kilichobaki mdomoni, kata kipande cha mmea weka kwenye mfuko, mpeleke kwa daktari wa mifugo muda huohuo na umtajie jina kamili Cycas revoluta, usimwambie "kala palmu" maana atafikiri ni areka.