Laini mbili, vikomo viwili: uzoefu wangu wa miezi mitano

Kwa miezi mitano nimetumia laini mbili za intaneti hapa Dar es Salaam: ya ruta ya nyumbani, yenye kifurushi kinachouzwa kwa jina la "bila kikomo", na ya simu, yenye kifurushi cha mwezi cha GB 10.

Ya ruta haikatiki, ila baada ya GB 200 kasi hushuka kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 2. Mwezi wa kwanza nilidhani mtandao umelemewa, mpaka nilipopima kasi alfajiri, mchana na usiku wa manane na kupata kila mara chini kidogo ya 2. Msongamano wa kawaida hupanda na kushuka kufuatana na saa, lakini kasi iliyobanwa makusudi hubaki palepale. Kwa kasi hiyo barua pepe na malipo ya benki hupita bila shida, na ni mikutano ya video tu inayokwama. Hilo naweza kulivumilia, kwa sababu gharama haiongezeki hata shilingi moja.

Laini ya simu ndiyo iliyoniumiza. Usiku mmoja simu ilianza kuhifadhi picha mtandaoni, ikamaliza kifurushi, kisha ikaendelea kutumia salio langu la shilingi 6,000 kwa bei ya shilingi 9 kwa MB. Salio hilo lilinunua takriban MB 667 tu, ambazo kwa kasi ya megabiti 20 huisha kabla ya dakika tano. Kanuni za mwaka 2021 za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, zinataka mteja ajulishwe matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, na asiunganishwe nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Ujumbe wa asilimia 75 nilitumiwa kweli, lakini GB 2.5 zilizobaki zilihitaji dakika kama 17 tu kuisha, nami nilikuwa nimelala. Kuhusu ridhaa, huduma kwa wateja walinieleza kwamba niliitoa mwenyewe kwenye menyu miezi kadhaa nyuma, jambo nisilolikumbuka kabisa. Naona ni haki ridhaa hiyo iombwe upya kila kifurushi kinapoisha.

Sasa nimeizima ridhaa hiyo, na kwenye mipangilio ya simu nimeweka kikomo cha data cha GB 9, kwa kuwa hesabu ya simu na ya kampuni hazilingani sawasawa. Tarehe ya kuanza hesabu nimeilinganisha na siku ninayonunua kifurushi. Bila hivyo kikomo hukata mapema mno au hakikati kabisa. Tangu hapo data imekatika mara mbili kabla ya mwezi kuisha, na mara zote mbili niliongeza kifurushi kwa menyu ya nyota na reli, ambayo hufanya kazi hata data ikiwa imezimwa.