Sharing Debugger ya Facebook: uzoefu wangu wa kukagua linki kabla posti haijatoka

Nasimamia tovuti na kurasa za mitandao za chuo kidogo cha ushonaji hapa Mwanza. Posti zetu nyingi napanga usiku zitoke saa 1 asubuhi, wakati watu wako kwenye daladala na simu mkononi. Wanachokiona kwanza ni ile kadi inayojitokeza chini ya linki, yenye picha kubwa na kichwa cha habari. Maneno ninayoyaandika juu yake wengi huyaruka. Na kadi hiyo siwezi kuirekebisha nikiwa ndani ya Facebook, maana tangu 2017 kurasa za kawaida haziruhusiwi kubadilisha kichwa wala picha ya linki wakati wa kuandika posti. Vyote huchukuliwa kwenye ukurasa wa tovuti wenyewe, katika tagi zilizojificha ndani ya msimbo wake: `og:title`, `og:description` na `og:image`.

Chombo ninachotumia kukagua ni Sharing Debugger, kinachopatikana kwenye `developers.facebook.com/tools/debug`. Hakina malipo, ila lazima uwe umeingia kwenye akaunti yako ya Facebook. Unabandika linki, unabonyeza Debug, kinakuonyesha kadi itakavyotokea pamoja na siku ambayo roboti wa Facebook aliusoma ukurasa huo kwa mara ya mwisho. Hiyo siku, iliyoandikwa Time Scraped, ndiyo naitazama kabla ya kitu kingine chochote. Facebook huhifadhi nakala ya alichokisoma roboti, na isipoguswa inaweza kukaa nayo takriban siku 30. Mtu mmoja akishatuma linki kabla hujamaliza kuandika ukurasa, nakala ya ule ukurasa nusu tayari imeshawekwa.

Mfano mzuri ni tangazo letu la muhula wa Septemba. Ukurasa wake ulitengenezwa kwa kunakili ule wa Juni, kisha kubadilisha maneno na tarehe. Ukiufungua kwenye simu, kila kitu ni Septemba. Debugger ikaonyesha kadi iliyoandikwa "Muhula wa Juni" na picha ya bango la zamani. Sababu ni kwamba plagini ya SEO, ile inayosaidia tovuti kuonekana Google, ina visanduku vyake vya pembeni kwa ajili ya mitandao ya kijamii, na ukinakili ukurasa, visanduku hivyo hunakiliwa na vilivyomo. Msomaji wa tovuti havioni kabisa. Roboti ndiye anayevisoma.

Nikajaza kichwa kipya, nikafuta kashe ya tovuti (usipoifuta, roboti atapewa ukurasa wa jana), halafu nikabonyeza Scrape Again ili roboti ausome ukurasa upya. Kichwa kikabadilika, picha ikagoma. Hapa watu wengi hubonyeza tena na tena hadi wakate tamaa, na hawatafika popote, kwa sababu Facebook huitambua picha kwa anwani yake. Mbunifu wetu alikuwa ameweka bango jipya juu ya lile la zamani kwa jina lilelile, `bango.jpg`. Kwa roboti hiyo ni picha anayoifahamu tayari, hana haja ya kuichukua upya. Tulipoipandisha kwa jina la `bango-septemba.jpg` na kubonyeza Scrape Again, ikaja mara moja.

Ikaja, lakini imekatwa kichwa na miguu. Bango lilikuwa la kusimama, saizi ya kubandika ukutani, na namba ya simu ya chuo iko chini kabisa. Kadi ya Facebook imelala: picha inayofaa ni ya pikseli 1200 kwa 630, na ikipungua chini ya 600 kwa 315 utapata kipicha kidogo pembeni badala ya kile kikubwa. Sasa mbunifu hutoa matoleo mawili, moja la ukuta na moja la linki, na hilo la linki halina namba ya simu. Lina mashine, kitambaa na mwezi wa kuanza, basi.

Kuna jambo moja ambalo Debugger haiwezi kukusaidia, na ni bora ulijue mapema. Inaona tu kile anachokiona mtu wa kupita. Ukiupangia ukurasa muda wa kutoka kwenye WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yetu, kabla ya muda huo mgeni yeyote hupewa jibu la 404, yaani ukurasa haupo, na Debugger nayo hupata 404. Hakuna kadi ya kukagua. Mbaya zaidi ni kupanga ukurasa na posti vitoke dakika ileile, kwani saa ya WordPress haijiendeshi: kwa kawaida kazi zilizopangwa huamshwa na mtu anapotembelea tovuti. Tovuti ndogo kama yetu alfajiri haina watu, kwa hiyo posti inaweza kutoka saa 1 kamili huku ukurasa bado umefungwa.

Ndiyo maana niliacha kupanga ukurasa. Nauachia hewani jioni bila kuuweka kwenye menyu wala ukurasa wa mwanzo, naukagua kwenye Debugger, na kinachopangiwa saa 1 asubuhi ni posti peke yake. Kukagua kunatangulia kubandika linki kwenye posti. Nikirekebisha tagi baada ya kupanga, naifuta linki na kuibandika upya, sikai kuamini kwamba kadi itajirekebisha. Kwa habari ambayo haipaswi kuonekana kabisa kabla ya muda wake, njia hii haifai. Hapo nafungua onyesho la awali nikiwa nimeingia WordPress na kusoma tagi moja kwa moja kwenye msimbo.

Kama unatumia kompyuta na huogopi skrini nyeusi, amri hii inaonyesha tagi za ukurasa uliokwisha kutoka:

```
curl -sL -A "facebookexternalhit/1.1" https://example.com/septemba | grep -i "og:"
```

Ikileta tagi sahihi huku Debugger ikionyesha za zamani, shida ni nakala ya Facebook. Ikileta za zamani, shida iko kwenu, mara nyingi kwenye kashe.

WhatsApp naijaribu kivyake, na kwa chuo chetu ndiyo yenye uzito kuliko Facebook, kwa sababu wazazi wako kwenye magrupu. Kadi ya WhatsApp hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma, wakati anaandika ujumbe, na ukishatumwa imekwisha: urekebishe tovuti usirekebishe, kadi itabaki vilevile. Picha nayo inatakiwa iwe chini ya kilobaiti 600. Bango letu la PNG lilikuwa zito zaidi ya hapo, likaonekana vizuri kwenye Debugger, lakini WhatsApp ikaleta kichwa bila picha. Tulipolihifadhi kama JPEG likashuka hadi chini ya kilobaiti 200, likatokea. Siku hizi najitumia linki mwenyewe kwanza, nasubiri kadi itokee juu ya kisanduku cha kuandikia, ndipo nampa dada wa mapokezi aisambaze.

LinkedIn wana Post Inspector yao inayofanya kazi hiyohiyo, na kwa Telegram unamtumia linki bot aitwaye `@WebpageBot` naye anaisoma upya. Zote mbili sijazihitaji sana. Wanafunzi wetu hawako huko.

Kwa nyota tano, Debugger naipa nne. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya maonyo yake, hasa lile la tagi ya `fb:app_id` kukosekana, linalomtisha mgeni bure wakati kadi yake iko sawa kabisa.